SOMO LA REDIO: KUKATA SAUTI NA KUIFANYA MLIO WA SIMU

(Somo hili lilifanywa pamoja na darasa la watu wazima la Chanji, mjini Sumbawanga. Wasemao ni Mwalimu, Mama mmoja auzaye maharage sokoni, na Mzee mmoja mkulima wa mahindi na ulezi. Msomaji asome polepole, na simu yake iwe karibu.)

MWALIMU: Leo hatuko peke yetu. Tumo Chanji, katika mji wa Sumbawanga, juu kabisa katika nchi ya Ufipa, na upepo unapiga dirishani kama kawaida yake. Tumefunga madirisha, na sababu mtaiona baadaye. Wenzetu wa darasa hili wamekwisha kujua kusoma maneno mafupi na kutoa hesabu ndogo. Leo watatumia yote mawili katika kazi moja. Mama, tueleze shida yako.

MAMA: Asante, Mwalimu. Mimi nauza maharage. Simu yangu ni ya namna moja na simu za wenzangu watatu tunaokaa safu moja. Zote zinalia sawasawa, kwa mlio ule uliokuja nazo kutoka dukani. Ikilia moja, tunapapasa mifuko sisi sote wanne. Mwisho tumechoka. Wiki iliyopita ililia, nikadhani ni ya jirani yangu, naye akadhani ni yangu. Kumbe alikuwa kaka yangu, alikuwa kwenye lori akipita njiani, ametaka nimpelekee magunia mawili barabarani. Alipiga mara tatu. Lori likaenda zake.

MWALIMU: Pole sana. Na jina lake halikuonekana kwenye kioo?

MAMA: Jua la sokoni ni kali, Mwalimu. Kioo kinakuwa cheusi. Tena simu imo mfukoni chini ya kitenge. Mimi nataka kaka yangu akipiga, nijue kwa sikio kwamba ni yeye.

MWALIMU: Basi hilo ndilo somo letu. Simu nyingi zaweza kupewa mlio ambao mwenyewe ameuchagua. Mlio huo waweza kuwa kipande cha wimbo, au sauti ya mtu iliyorekodiwa. Tena simu nyingi zenye kioo cha kugusa zaweza kumpa mtu mmoja mlio wake peke yake, usiolia kwa mwingine. Mzee, naona umenyoosha mkono.

MZEE: Nina swali, Mwalimu. Mimi kwenye simu yangu nina wimbo wa kwaya niupendao. Mjukuu wangu aliuweka uwe mlio. Lakini simu ikilia nasikia kinanda tu, taratibu, taratibu. Waimbaji hawajafungua kinywa, na mpigaji amekwisha kukata. Kwa nini?

MWALIMU: Umegusa kiini cha jambo, Mzee wangu. Simu haijui mahali pazuri pa wimbo. Ikipigwa, mara nyingi inaanza wimbo mwanzoni kabisa. Je, mtu akikupigia, simu yako hulia kwa muda gani kabla mtandao haujakata wenyewe? Mitandao haifanani, lakini mara nyingi ni nusu dakika hivi, yaani sekunde 30. Tena wewe mwenyewe huitaki yote, maana unapaswa kuitika. Basi kama wimbo wako una kinanda cha sekunde 40 mwanzoni, waimbaji hutawasikia kamwe. Ndiyo sababu tunakata. Twatafuta mahali penye nguvu katika wimbo, twakiondoa kilicho mbele na kilicho nyuma, ili simu ianzie hapo hapo.

Kipande kizuri kina sekunde 20 hadi 30. Kikiwa kifupi, si vibaya, kwa sababu simu ikimaliza inarudia tena kutoka mwanzo.

MZEE: Na mahali penye nguvu ni wapi? Mimi napenda pale besi inaponguruma.

MWALIMU: Hapo utadanganyika. Wimbo ule umeusikia katika spika kubwa. Spika ya simu ni ndogo kama kifungo cha koti, nayo haina nguvu ya kutoa sauti nene. Besi na ngoma kubwa hupotea, ukabaki na mngurumo hafifu. Sauti nyembamba ndizo zinazopenya: waimbaji wa kike, filimbi, watoto, na mtu anayeita kwa nguvu. Basi usichague kipande kwa kukisikiliza katika redio kubwa. Kisikilize kwa spika ya simu ile ile itakayolia.

Sasa, Mama, wewe wataka wimbo au sauti ya mtu?

MAMA: Sauti ya mtu. Ninayo ya marehemu mama yetu. Kaka yangu alimrekodi kwa simu hii hii wakati tukipukuchua mahindi, naye hakujua. Anaongea, anacheka, halafu ananiita.

MZEE: Sauti ya marehemu ilie sokoni, kati ya watu? Hilo mimi silioni vyema, binti yangu.

MAMA: Nami nimeliwaza, baba. Sitaki ilie kwa kila mnunuzi. Nataka ilie akipiga kaka tu. Sisi ndio wawili tuliobaki, na yeye mwenyewe ameniomba.

MZEE: Kama ni ya kaka yako peke yake, sina neno.

MWALIMU: Basi tutafanya hivyo. Lakini kabla hatujakata, nina swali moja. Mama, sauti hiyo unayo mahali pengine?

MAMA: Hapana. Ni hii moja tu.

MWALIMU: Basi hatua ya kwanza ya kazi yetu si kukata. Ni kuweka nakala. Wasikilizaji, shikeni jambo hili hata kama mtasahau mengine yote. Sauti ikikatwa na kuhifadhiwa juu ya ile ya zamani, vile vipande vilivyoondolewa mara nyingi havirudi tena. Wimbo wa kwaya utaupata tena kwa mwingine. Sauti ya mama yako utaipata kwa nani? Tafadhali mpelekee kaka yako sauti hiyo nzima katika simu yake sasa hivi, au uinakili katika kadi ya kumbukumbu. Mzee, tumsubiri kidogo.

(Kimya kidogo.)

MAMA: Imekwenda, Mwalimu. Kaka amejibu kwamba ameisikia yote mpaka mwisho.

MWALIMU: Vema sana. Sasa tunaweza kukata bila hofu. Fungua sauti hiyo, usikilize, na penseli mkononi. Usiguse kitu kingine. Juu ya kioo au chini yake utaona tarakimu zikienda. Tarakimu zilizo mbele ya nukta mbili ni dakika. Zilizo nyuma ya nukta mbili ni sekunde. Mama yako akianza kukuita, andika tarakimu unazoziona. Akinyamaza, andika tena.

MAMA: (baada ya kusikiliza mara mbili) Mwanzoni kuna mahindi yanaanguka kwenye beseni, na mbwa analia. Mama anaanza kuniita penye 0:48. Anasema, "We mwanangu, njoo," halafu anacheka, anaita tena. Ananyamaza penye 1:09.

MWALIMU: Hesabu sasa. Kipande chako kina sekunde ngapi?

MAMA: Nimetoa 48 katika 109. Nimepata 61.

MWALIMU: Ulivyokosea wewe ndivyo wengi hukosea. Umeisoma 1:09 kama mia moja na tisa. Lakini ile 1 si mia, ni dakika moja, na dakika moja ina sekunde 60, haina 100. Basi 1:09 ni 60 na 9, jumla sekunde 69. Sasa toa 48.

MAMA: 69 kutoa 48, zinabaki 21.

MWALIMU: Sekunde 21. Zinatosha kabisa. Ungalishika lile jibu la kwanza, ungalidhani kipande ni kirefu mno, ukaanza kukikata ovyo. Hesabu hii ndiyo kipimo chako. Ukimaliza kukata, simu itakuonyesha urefu wa sauti mpya. Ikiwa haikaribii 21, ujue alama zako zimewekwa pasipo mahali pake.

Sasa tukate. Simu nyingi zina programu ya kurekodi sauti, na ndani yake mna mahali pa kukatia. Kama simu yako haina, mtu mwenye ujuzi aweza kukuwekea programu ya kukatia sauti. Maneno yaandikwayo kwenye kioo hayafanani katika simu zote, lakini matatu hukutwa mara kwa mara. La kwanza ni "Edit", maana yake rekebisha. Pengine badala ya neno hilo pana picha ya kalamu au ya mkasi. La pili ni "Trim", maana yake punguza ncha, kama fundi apunguzavyo ncha za ubao. Kilicho kati ya alama mbili kinabaki, na kilicho nje kinaondoka. La tatu ni "Save", na kama simu yako imewekwa lugha yetu utasoma "Hifadhi".

Jihadhari na neno "Delete" au "Cut". Katika programu nyingine, neno hilo hufanya kinyume cha "Trim": kile ulichokichagua ndicho kinachoondoka, na takataka ndizo zinazobaki. Utajua kwa kusikiliza. Ukisikia mahindi na mbwa, wala humsikii mama, umefuta kile ulichotaka kukitunza.

MAMA: Nimegusa kalamu. Naona mchoro kama milima na mabonde.

MWALIMU: Huo ndio mchoro wa sauti. Penye kilele sauti ni kubwa, penye uwanda pana kimya. Itazame kama unavyoitazama Milima ya Mbizi ukiwa hapa mjini: inapoinuka ghafula, hapo ndipo mtu anaposema. Kuna mistari miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia. Huo wa kushoto ni mwanzo wa kipande, na huo wa kulia ni mwisho wake. Uburute wa kushoto kwa kidole mpaka tarakimu zisome 0:48.

MAMA: Kidole changu ni kinene. Ukisogea kidogo tu, unaruka mpaka 0:52.

MWALIMU: Weka vidole viwili juu ya mchoro, uvitanue. Katika programu nyingi mchoro nao hutanuka, na mstari unakwenda polepole. Na kama pana tarakimu za kuongeza na kupunguza, gusa hizo.

MAMA: Sasa nimefika 0:48. Nasikiliza. Inasema, "nangu, njoo."

MWALIMU: Mstari umeingia ndani ya neno, umekula "We mwa". Rudi nyuma kidogo sana, nusu sekunde. Ni afadhali kubakiza pumzi fupi kabla ya neno kuliko kulikata neno kichwa. Lakini usirudi sekunde tatu au nne, kwa maana hapo simu italia kimya, na wewe hutajua kuwa unapigiwa. Sekunde ya kwanza ya kipande ndiyo ikuamshayo.

MAMA: Sasa anasema vizuri, "We mwanangu, njoo."

MWALIMU: Fanya vivyo hivyo kwa mstari wa kulia. Uweke pale anapopumua, wala si katikati ya neno. Kumbuka simu itarudia toka mwanzo. Ukikata katikati ya neno, kila duru utasikia neno limevunjika, na baada ya siku mbili litakuchosha.

MAMA: Tayari. Sasa simu inaniuliza. Kuna maneno mawili. Napenda kugusa hili la kwanza...

MWALIMU: Simama hapo hapo, Mama! Usiguse. Tusomee kwanza, herufi kwa herufi.

MAMA: La kwanza, "Replace original". La pili, "Save as new file".

MWALIMU: La kwanza maana yake, weka kipande hiki mahali pa sauti ya zamani. Ungaligusa hilo, mahindi, mbwa, na maneno yote aliyoyasema mama yako kabla hajakuita yangaliondoka katika simu hii. La pili maana yake, hifadhi kipande kama sauti mpya, na ile ya zamani ibaki ilivyo. Gusa la pili daima. Na kama simu yako haiulizi, bali inakuonyesha "Save" peke yake, hapo ndipo ile nakala tuliyoiweka kwanza itakapokuokoa.

MAMA: (anacheka) Kidole kilikuwa kimekwisha kushuka, Mwalimu.

MWALIMU: Ndiyo maana ya kujua kusoma. Sasa ipe sauti mpya jina ambalo utalitambua katika orodha ndefu. Usiiache na jina la tarakimu nyingi lililowekwa na simu yenyewe. Andika "Mama anaita". Na urefu wake?

MAMA: 0:21. Sawasawa na hesabu.

MWALIMU: Kazi ya kukata imekwisha. Kazi ya pili ni kuiweka sauti iwe mlio. Kuna njia mbili. Mtu atakaye mlio mmoja kwa wapigaji wote afungue "Settings", yaani "Mipangilio", kisha mahali pa sauti, kisha "Ringtone", yaani "Mlio wa simu", achague jina la kipande chake. Kama halioni katika orodha, atafute alama ya kujumlisha au neno la kuongeza, aende kukichukua mahali kilipohifadhiwa. Simu za kioo cha kugusa nyingi zina chumba kiitwacho "Ringtones". Kipande kikihamishiwa chumba hicho, mara nyingi huonekana chenyewe.

Lakini Mama ataka njia ya pili: mlio wa mtu mmoja. Mama, fungua daftari la majina, mguse kaka yako. Pembeni kuna nukta tatu zimesimama. Ziguse, utafute "Set ringtone".

MAMA: Nimegusa nukta tatu. Neno hilo halipo.

MWALIMU: Tazama jina lake limehifadhiwa wapi. Ni katika simu, au katika laini?

MAMA: Imeandikwa "SIM".

MWALIMU: Basi hiyo ndiyo sababu. Laini ni kijikadi kidogo chenye nafasi ya jina na namba. Haina nafasi ya kuandika kwamba mtu huyu alie kwa sauti hii. Nafasi hiyo imo ndani ya simu yenyewe. Wengi wakifika hapa hudhani simu yao ni mbovu, wakaacha. Si mbovu. Mwandike kaka yako upya, na simu ikikuuliza uhifadhi wapi, chagua "Phone" au "Device", yaani simu yenyewe. Kisha ufute lile jina la zamani lililomo katika laini, ili majina mawili yasigombane. Ila iandike namba kwanza katika daftari lako la karatasi, uisome mara mbili, ndipo ufute.

MAMA: Nimekwisha. Sasa neno lipo. Nimegusa. Naona orodha. "Mama anaita" ipo mwisho. Nimeichagua.

MZEE: Sasa tuijaribu. Mimi nitampigia.

MWALIMU: La, Mzee. Ukipiga wewe, italia ule mlio wa zamani, kwa maana wewe si kaka yake. Anayepaswa kupiga ni kaka mwenyewe, tena kwa namba ile ile iliyoandikwa. Akipiga kwa simu ya rafiki yake, simu haitamtambua. Vilevile akipiga kwa njia ya WhatsApp, programu ile ina milio yake yenyewe, na hii tuliyoiweka haitasikika. Mama, mwandikie akupigie. Uiache simu mfukoni chini ya kitenge, kama ikaavyo sokoni, nasi turudi nyuma mpaka mwisho wa chumba.

(Kimya. Kisha simu inaita. Sauti ya mwanamke mzee inasikika ikiita na kucheka. Inamaliza, inaanza tena.)

MZEE: Binti yangu, itika!

MAMA: Nilitaka aite mara ya pili. (kwa simu) Kaka? Ndiyo, imelia. Ndiyo, ni yeye.

MWALIMU: Wasikilizaji, mmesikia wenyewe. Lakini mimi niliyekuwa mwisho wa chumba niliisikia kwa mbali, na sokoni kuna makelele. Mama, katika programu za kukatia nyingine kuna mahali pa kuongeza ukubwa wa sauti. Ongeza kidogo, usikilize tena. Lakini kuna mpaka. Ukiongeza sauti ya mama, na mahindi yanayoanguka nyuma yake yanaongezeka pia. Ukizidisha, sauti inaanza kukwaruza kama redio iliyokwisha betri. Ikikwaruza, umepita mpaka, rudi nyuma.

Na anayerekodi sauti mpya, dawa ni kurekodi vizuri tangu mwanzo. Arekodi ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa, kama tulivyofanya leo. Upepo wetu wa Ufipa ukigonga tundu la maikrofoni hutoa mvumo ambao hakuna mkasi utakaouondoa. Simu iwe mbali na kinywa kama urefu wa shibiri moja. Ikiwa karibu zaidi, pumzi inapiga. Ikiwa mbali, ukuta unasikika kuliko mtu.

MZEE: Na mimi, Mwalimu? Simu yangu ni ya vitufe.

MWALIMU: Simu za vitufe nyingi haziwezi kukata sauti, lakini nyingi zaweza kuipokea iliyokatwa. Mjukuu wako aukate wimbo katika simu yake, akutumie kwa bluututhi, au auweke katika kadi ya kumbukumbu. Lakini mwambie neno moja: kipande akihifadhi kwa namna ya MP3. Simu nyingi hurekodi na kuhifadhi kwa namna iitwayo M4A, na simu za vitufe nyingine haziijui namna hiyo. Itapokea kipande, halafu iseme kwamba haiwezi kukifungua. Herufi hizo huandikwa mwisho wa jina la sauti, baada ya nukta. Zisome kabla hujamlaumu mtoto. Na kama mlio umo katika kadi, ukiitoa kadi, simu itarudia mlio wake wa zamani.

MZEE: Neno la mwisho. Jirani yangu alilipa mtandao apate wimbo, na mpaka leo hausikii simu yake ikilia. Alidanganywa?

MWALIMU: Hakudanganywa, alichanganya vitu viwili. Wimbo ule unaonunuliwa kwa mtandao husikiwa na yule anayepiga, wakati akingoja kuitikiwa. Umo katika mitambo ya kampuni, wala haumo katika simu ya jirani yako, nao hukatwa pesa kila muda wake ukifika. Mlio tulioufanya leo umo ndani ya simu, unasikiwa na mwenye simu na walio karibu naye, wala haukatwi senti. Mtu akikwambia lipa kila mwezi, ujue kwamba hazungumzii mlio wa simu yako.

Wasikilizaji, muda wetu unakaribia kwisha. Chukueni madaftari.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

Mlio. Kipande. Nakala. Hifadhi. Laini. Dakika. Sekunde.

ZOEZI

1. Wimbo wa kwaya wa Mzee una urefu wa 4:30. Waimbaji wanaanza pale apendapo penye 1:52, wanapumua penye 2:17. Kipande kina sekunde ngapi?

2. Simu inakuonyesha "Replace original" na "Save as new file". Utagusa lipi, na kwa sababu gani?

3. Umegusa jina la ndugu yako, lakini neno la kuweka mlio halipo. Utatazama nini kwanza?

MAJIBU

1. Dakika 1 na sekunde 52 ni sekunde 112. Dakika 2 na sekunde 17 ni sekunde 137. Toa 112 katika 137, zinabaki sekunde 25.

2. "Save as new file", ili sauti ya zamani ibaki nzima.

3. Mahali jina lilipohifadhiwa. Kama limo katika laini, liandikwe upya katika simu yenyewe.

MWALIMU: Mama, lori la kaka yako linapita tena lini?

MAMA: Jumamosi, Mwalimu. Magunia mawili yamekwisha kushonwa.

MWALIMU: Basi Jumamosi tutajua kama somo limeshika. Kwaherini, wasikilizaji, mpaka wiki ijayo saa kama hii.